Kanusho la barua pepe: ulirahisishe au ulishike neno kwa neno?

Barua pepe yenyewe ina mistari mitano: salamu, malipo yako yako tayari, jaza fomu, irudishe, asante. Chini yake unafuata mkia wa mistari kumi na mitano ya lugha ya kisheria, na juu yake pengine yamekaa maneno mawili ya herufi kubwa ambayo hakuna aliyewahi kukueleza yanafanya kazi gani. Ile mistari mitano unaimaliza kwa dakika kumi. Mkia unakula saa nzima, kwa sababu kila sentensi inakurudishia swali lile lile: niiseme kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, au nishike kila neno nisije nikaharibu haki ya mtu?

Natafsiri barua za namna hii hapa Dar es Salaam, nyingi zikitoka kwenye bima, uwakala wa forodha na mikopo midogo, na nimeona madhara ya pande zote mbili. Nimeona mteja aliyesaini asichokielewa kwa sababu mtafsiri alishika maneno, na nimeona mwingine aliyechelewa kudai kwa sababu mtafsiri alirahisisha akala neno moja. Hapa nalinganisha njia tatu: kurahisisha, kushika maneno, na kuweka lugha mbili pamoja.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni kazi ya sentensi. Ifunike kwa kidole, kisha jiulize: ikiondoka hii, kuna mtu anayepata au kupoteza haki, fedha, muda au ushahidi? Kama yupo, hiyo ni sentensi inayofanya kazi. Kama hayupo, hiyo ni desturi tu, hata ikiwa na mlio mzito namna gani. Mlio wa sheria hauthibitishi kitu. Washauri wa kodi wa Marekani kwa miaka mingi walikuwa wakibandika chini ya kila barua pepe aya moja iliyotokana na kanuni za Waraka Na. 230 wa Wizara ya Fedha ya nchi hiyo, hata kwenye barua ya kupanga kikao. Juni 2014 kanuni hizo zilibadilishwa na sababu ya kubandika aya ile ikaondoka. Aya hiyo bado inakutwa kwenye violezo vya zamani, na kuna mtu ambaye atalipwa kuitafsiri.

Cha pili ni msomaji, na hasa kitendo anachotakiwa kufanya baada ya kusoma: kusaini, kujibu ndani ya siku fulani, kufuta, au kutofanya lolote.

Cha tatu ni siku ya mgogoro. Maneno uliyoandika yakisomwa kwa sauti mbele ya hakimu au msuluhishi, yatasimama? Kwa Tanzania swali hili limekuwa zito zaidi tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani mtu aliweza kujifariji kwamba likitokea jambo watasoma Kiingereza. Leo tafsiri yako inaweza kusomwa vile vile ulivyoiacha.

Cha nne ni mwenye maneno. Kanusho lina mwenyewe, mara nyingi ni mwanasheria wa kampuni. Unaweza kumshauri alifupishe au alitoe. Kulitoa mwenyewe kimyakimya si kazi yako.

Njia ya kwanza: kurahisisha

*Kazi ya sentensi.* Njia hii ina nguvu pale ambapo sentensi ya Kiingereza ni ndefu kuliko sharti lililomo ndani yake. Chukua kanusho la usiri, lile linalokaa chini ya karibu kila barua pepe ya ofisi. Likitafsiriwa kwa kufuata kila kituo cha Kiingereza hutoka hivi:

"Barua pepe hii pamoja na viambatisho vyake vyovyote ni ya siri na imekusudiwa kwa matumizi ya mtu binafsi au taasisi ambayo imeelekezwa kwake pekee. Endapo wewe si mpokeaji aliyekusudiwa, unajulishwa kwamba ufichuaji, unakili, usambazaji au uchukuaji wa hatua yoyote kwa kutegemea yaliyomo umekatazwa vikali na unaweza kuwa kinyume cha sheria. Endapo umeipokea kwa makosa, unaombwa kumjulisha mtumaji mara moja na kuifuta barua pepe hii."

Ndani ya maneno hayo yote mna mifupa minne tu: ni siri, ni ya fulani, usifanye hivi, fanya hivi. Kwa hiyo:

"Barua hii ni ya siri na ni ya mtu aliyetajwa hapo juu peke yake. Kama imekufikia kwa makosa, usiitumie wala usimpe mtu mwingine. Tujulishe, kisha uifute."

Hakuna mfupa uliopotea. Inafaa pia kujua kwamba kanusho hili halina nguvu kubwa kama linavyosikika. Mtu ambaye hajakubaliana nawe lolote hafungwi na mkataba kwa sababu tu umemwandikia masharti chini ya barua iliyomfikia kwa bahati mbaya. Kinachoweza kusaidia ni kwamba alijulishwa waziwazi kuwa habari hizo ni za siri na si zake. Kujulishwa kunataka kueleweka, kwa hiyo hapa urahisi ndio unaotimiza kazi ya sentensi.

Kuna mahali ambapo kurahisisha kunahifadhi sheria vizuri kuliko kushika maneno. Juu ya barua za mazungumzo ya kununua kiwanja au kupanga jengo hukaa maneno "subject to contract". Nimeyaona yakitafsiriwa "kutegemea mkataba". Mnunuzi anayesoma hivyo anaweza kudhani mkataba upo tayari na barua inauegemea, na hiyo ni kinyume kabisa cha maana yake. Sema: "Mazungumzo haya hayamfungi yeyote mpaka mkataba utakaposainiwa na pande zote mbili." Ni maneno mengi zaidi, lakini muuza samaki wa Feri anayaelewa na wakili hatapata cha kurekebisha.

Vivyo hivyo na herufi "E&OE" zinazokaa chini ya ankara. Wengi huziacha zilivyo kwa kutojua. Zinasema kwamba kosa la hesabu au jambo lililosahaulika haliifungi kampuni. Andika: "Tukigundua kosa au jambo lililosahaulika katika ankara hii, tuna haki ya kulirekebisha."

*Msomaji.* Anafaidika sana, hasa anayesoma kwenye simu, ambako mkia mrefu unasukuma maelezo ya kufanya nini nje ya kioo. Anajua afute au asifute, ajibu au asijibu.

*Siku ya mgogoro.* Hapa ndipo njia hii inapouma, na mara nyingi inauma kupitia maneno madogo. Anayerahisisha huwa anawinda maneno makubwa, halafu madogo yanaponyoka bila yeye kuona: *pekee*, *isipokuwa*, *na/au*, *kuanzia*, *siku za kazi*. Mfano ninaoukumbuka ni wa taarifa ya mkopo iliyompa mteja siku kumi na nne tangu alipoipokea ili apinge makato. Mtafsiri aliandika "una siku 14 za kupinga", sentensi safi isiyo na mzigo. Mteja aliipata siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu ya barua, akahesabu kuanzia tarehe hiyo, akaona muda umebana, akaacha. Alikuwa bado na siku tano za ziada ambazo hakuzijua. Kosa la namna hii linajulikana kwa kipimo kimoja: kila namba iliyomo kwenye asili itafute kwenye tafsiri, kisha uangalie kama neno lililoiambata lipo. Namba bila neno lake ni nusu ya sharti.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayetafsiria umma, wateja wadogo, wafanyakazi wapya, na yeyote ambaye hatakuwa na wakili pembeni. Inafaa pia mahali ambapo sheria yenyewe inataka urahisi. Kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data, zinazotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, zinataka katika Ibara ya 12 mtu aelezwe kwa lugha iliyo wazi na nyepesi namna data zake zinavyotumiwa. Kampuni ya Ulaya ikikutumia tangazo lake la faragha ulitafsirie Waswahili walioko Hamburg au Stockholm, Kiswahili kizito kinaweza kuwa ndicho kinachokiuka kanuni.

Njia ya pili: kushika maneno

*Kazi ya sentensi.* Kuna maneno ambayo ni kama ufunguo: ukibadilisha jino moja haufungui tena. Maneno hayo hayana maana ya kawaida, yana maana waliyokubaliana wanasheria, na kazi ya mtafsiri ni kutafuta ufunguo wa Kiswahili unaoingia kwenye kufuli lile lile.

Neno ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni lile linalokaa juu ya barua za fidia: "WITHOUT PREJUDICE". Anayelitafuta neno la pili peke yake kwenye kamusi hupata ubaguzi, chuki au upendeleo, na ndiyo maana kuna barua zinazozunguka zimeandikwa juu "BILA UBAGUZI" au "BILA UPENDELEO". Katika sheria maana yake ni nyingine kabisa. Barua yenye maneno hayo ni ya kutafuta maelewano, na yanayosemwa humo hayatachukuliwa baadaye kama ushahidi kwamba aliyesema alikubali kosa au deni. Kiswahili chake ni "BILA KUATHIRI HAKI". Bunge letu hutumia msingi huo huo kwenye sheria, "bila kuathiri masharti ya kifungu fulani", kwa hiyo neno si geni kwa hakimu.

Mwenzake ni "privileged", neno linaloambatana na barua za mawakili, linalosema mawasiliano yana haki ya kutofichuliwa. Kamusi itakupa "upendeleo" tena. Sema "kinga": mawasiliano haya yana kinga ya kisheria kati ya wakili na mteja. Ukisema "ni ya siri" tu umepungukiwa, kwa sababu mambo mengi ni ya siri na bado mahakama inaweza kuagiza yatolewe.

Mahali pengine pa kushika ni istilahi za sheria ya nchi ya msomaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yenye jina hilo hilo. Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Kamishna wa Data. Barua ikienda Arusha andika "taarifa binafsi", ikienda Nakuru andika "data ya kibinafsi". Usichanganye kwa kutafuta ladha, maana msomaji akitaka kulalamika atatafuta neno lile lile kwenye sheria ya kwao.

Na jina la kampuni lisiguswe. Uingereza inazitaka kampuni zionyeshe kwenye barua pepe za biashara jina lililosajiliwa, namba ya usajili na anwani iliyosajiliwa. Mstari huo unafanana na mapambo ya saini, na wapo wanaougeuza "Limited" kuwa kitu kingine. Uache kama ulivyosajiliwa.

*Msomaji.* Huyu ndiye anayelipa gharama ya njia hii. "Bila kuathiri haki" ni sahihi, lakini kwa mama anayefuatilia fidia ya mumewe haisemi chochote. Dawa yake ni kuongeza sentensi ya maelezo baada ya neno, baada ya kumwomba ruhusa mwenye barua. Bila ruhusa hiyo umeshaanza kutunga.

*Siku ya mgogoro.* Hapa inasimama imara kuliko njia ya kwanza, mradi umeshika neno la sheria na si neno la kamusi. Watu wanachanganya mambo haya mawili. "Bila ubaguzi" inaonekana kama uaminifu wa neno kwa neno, kumbe ndiyo tafsiri iliyokwenda mbali kuliko zote.

Kuna pia maneno yaliyoshikwa mpaka yakafa. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" sote tunaijua, inasomwa redioni kwa kasi mwishoni mwa tangazo na hakuna anayeisikiliza. Kama asili inasema hivyo tu, sina ugomvi, hiyo ndiyo fomula yetu. Lakini mwambie mteja wako aongeze mahali masharti yanapopatikana. Masharti yasiyo na anwani ni vigumu kumwambia mtu kwamba aliyakubali.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayetafsiri kwa ajili ya mawakili, bima, mabenki, zabuni na mirathi, na popote ambapo barua inaweza kuingia kwenye jalada. Inafaa pia pale mwanasheria wa mteja amesema wazi kwamba maneno yasiguswe. Hapo hata ukiyaona mabaya, andika maoni yako pembeni na uyaache.

Njia ya tatu: lugha mbili pamoja

*Kazi ya sentensi.* Unaacha Kiingereza mahali pake, unaweka Kiswahili chini au juu yake. Hakuna kinachopotea, na mwanasheria wa makao makuu analala usingizi. Kwa kawaida huambatana na sentensi moja: endapo kutakuwa na tofauti, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayotumika. Sentensi hiyo ishike kila neno, na usiiache mwishoni. Inabadilisha thamani ya kila kitu kilichotangulia, kwa hiyo pendekeza ikae juu, kabla ya Kiswahili kuanza.

*Msomaji.* Anapata lugha yake, lakini anaambiwa kwamba lugha yake haihesabiki. Kwangu hilo ni jambo zito. Kama msomaji hajui Kiingereza, umempa kitu cha kusoma na kingine cha kumfunga. Pia barua inakuwa ndefu maradufu.

*Siku ya mgogoro.* Ni salama kwa mtumaji. Kwa mpokeaji inategemea jinsi Kiswahili kilivyofanana na Kiingereza, kwa hiyo ukichagua njia hii usirahisishe upande wa Kiswahili kupita kiasi. Sentensi mbili zilizo bega kwa bega zisizolingana zinaanzisha ugomvi ambao moja peke yake isingeuanzisha.

*Inamfaa nani.* Inafaa mashirika yenye ofisi nchi nyingi, barua zinazosomwa na watu wa lugha tofauti kwa pamoja, na kazi ya haraka ambayo mwanasheria hajapata nafasi ya kuidhinisha Kiswahili.

Barua moja kuanzia juu hadi chini

Hii ni kazi halisi, nimebadilisha viwango tu. Kampuni ya bima ilimwandikia mwenye pikipiki wa Morogoro aliyegongwa na gari la mteja wao. Fundi alikuwa amekadiria matengenezo kuwa shilingi 1,300,000. Kampuni ilikuwa tayari kulipa 850,000. Tafsiri ya kwanza ilikwishatumwa kabla haijanifikia, na juu yake iliandikwa BILA UBAGUZI. Yule bwana alipiga simu ofisini na simu ikaletwa kwangu. "Ndugu yangu," akaniambia, "hapa wameandika hawana ubaguzi. Sasa mbona mwenzangu tuliyegongwa naye siku moja kalipwa zaidi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Barua ilimwambia hivyo.

Tulipoiandika upya, kichwa kilishikwa: BILA KUATHIRI HAKI. Kabla ya hapo niliuliza kampuni kama kweli barua ni ya maelewano, kwa sababu kinga haitokani na maneno yaliyo juu. Inatokana na jaribio la kweli la kumaliza mgogoro, na maneno hayo yakigongwa juu ya barua ya kukumbusha deni hayaipi kinga yoyote. Walipothibitisha, waliniruhusu niongeze sentensi hii: "Pendekezo hili ni la kumaliza dai kwa maelewano. Halina maana kwamba kampuni imekubali kosa, na wala jibu lako halina maana kwamba umekubali kiwango hiki kuwa ndiyo stahili yako, mpaka utakaposaini." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo niliyoipigania. Kinga hii ni ya pande zote mbili, na mpokeaji asiyejua hilo huogopa hata kujibu.

Kisha yakaja maneno yanayosema fedha hizo ni malipo *kamili na ya mwisho*. Mtafsiri wa kwanza alikuwa ameandika "malipo yako yote yamekamilika", na hapo ndipo kurahisisha kulipofanya madhara makubwa kuliko kichwa cha barua. "Yamekamilika" inamwambia mtu kwamba fedha ziko tayari. Haimwambii kwamba akisaini hawezi kurudi wiki ijayo kudai zile 450,000 zilizobaki, wala gharama ya hospitali ikijitokeza. Tulishika "malipo kamili na ya mwisho ya dai hili", tukafuatisha: "Ukisaini fomu hii, hutaweza kudai malipo mengine kutokana na ajali hii." Hiyo sentensi ya pili ni nyepesi kabisa, na haiondoi neno lolote la ile ya kwanza.

Muda wa kujibu ulikuwa siku 14 kuanzia tarehe ya barua. Tuliandika tarehe yenyewe ya mwisho pembeni mwa hesabu, ili asihesabu mwenyewe.

Mkia ulikuwa na vipande vitatu. Usiri tuliurahisisha kama nilivyoonyesha juu. Onyo la virusi, ambalo kwa Kiingereza lilikuwa na mistari minne ya kukana dhima, lilitoka hivi: "Kagua viambatisho kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuvifungua. Kampuni haitawajibika kwa hasara itakayosababishwa na virusi." Kipande cha tatu kilisema maoni yaliyomo ni ya mwandishi na si lazima yawe ya kampuni. Hapo nilisimama. Barua ni ya kampuni, inatoa fedha za kampuni, halafu mkia wake unasema haya si maneno ya kampuni. Sikukitafsiri wala sikukifuta. Nilimwandikia mwanasheria wao nikauliza kama anataka sentensi hiyo ikae kwenye barua ya pendekezo la fidia. Akajibu kwamba ilibandikwa na mfumo wa barua pepe, akaitoa.

Yule bwana hakusaini. Alijibu kwa barua yake, akaambatisha makadirio ya fundi wa pili, na juu yake akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: BILA KUATHIRI HAKI.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na mkia wa usiri au wa virusi kwenye barua ya kawaida isiyo na fedha wala madai, rahisisha. Hesabu mifupa ya asili, hakikisha yote imo, na mpelekee mteja mara moja aidhinishe. Baada ya hapo uitumie hiyo hiyo kila siku, maana kanusho linalobadilika kila barua linamfanya msomaji adhani sharti nalo limebadilika.

Ukiona namba ya siku, kiwango cha fedha, au kitu cha kusaini, shika sharti lote pamoja na neno dogo lililoliambata. Umbo la sentensi unaweza kulikata vipande viwili au vitatu.

Ukiona maneno ya herufi kubwa juu ya barua, usifungue kamusi ya kawaida kwanza. Uliza barua inafanya kazi gani, kisha tafuta neno linalotumika kwenye sheria za nchi ya msomaji. Kama hakuna neno lililozoeleka, eleza kazi yake kwa Kiswahili chepesi, kama tulivyofanya kwa mazungumzo yasiyomfunga yeyote.

Ukiwa unaandikia mtu asiye na wakili, na mwanasheria wa mtumaji anakataa neno lolote liguswe, omba angalau sentensi moja ya maelezo chini ya neno gumu. Wengi hukubali ukiwaonyesha jinsi mpokeaji atakavyolisoma vibaya.

Ukiwa na haraka na hakuna wa kuidhinisha Kiswahili, weka lugha mbili, na ile sentensi ya lugha ipi itatumika ikae juu.

Na ukikuta kanusho linalopingana na barua yenyewe, simamisha kazi kwenye sentensi hiyo na uulize kwa maandishi. Jibu litakapokuja lihifadhi pamoja na faili la kazi, kwa sababu miezi sita baadaye mtu atauliza kwa nini tafsiri ina mistari pungufu kuliko asili.